Usikope Hata Sindano

Picha ilipofika Gotu, Aule aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea komunyo. Aliifuta vumbi kwa ncha ya shuka, ingawa haikuwa na vumbi, kisha akaisogeza karibu na macho.

Alikuwa bintiye, Akal. Amerefuka. Shingo imekuwa shingo ya msichana, si ya mtoto tena. Amevaa sare ya shule, nywele zimenyolewa vizuri, na chini ya kidevu ameshika daftari lililofunguliwa, kurasa zikimtazama mwenye kutazama. Hakucheka. Alikuwa amekaza midomo kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike.

"Nilimwambia aweke daftari chini, akakataa," alisema Kang'ethe, mpiga picha. Kang'ethe alikuwa na studio Isiolo mjini, na kila mwaka alizunguka mashuleni akipiga picha za madarasa. "Ananiambia, 'Mama anataka kuona kama ninasoma. Sogea karibu, hesabu zionekane.' Mtoto mdogo ananiamuru mimi! Nikasogea. Ungefanyaje?"

"Ni wangu huyo," alisema Aule.

Alimlipa kwa mafungu ya miswaki, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikata vijiti vya mswaki kando ya mto, akavisawazisha kwa kisu, akavifunga kumi kumi kwa kamba ya ukili, na malori yaliyokwenda Isiolo yakampelekea kwa wauzaji walioketi karibu na msikiti. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini kumi aliijua. Kumi iliingia kiganjani, vidole vikaizunguka, na fungu lenye tisa mkono wake ulilijua kabla ya jicho.

Zamani hakukaa Gotu. Alikaa Isiolo, katika nyumba ya mabati ya mume wake Lokaale, dereva wa lori la serikali. Jirani yao alikuwa Kanana, mwanamke aliyesoma mpaka darasa la saba na aliyejua kujipaka mafuta mpaka viwiko vikang'aa. Kanana alianza kwa kukopa chumvi. Baadaye akakopa jiko. Akakopa sufuria, ile kubwa ya harusi. Kila mara alisimama mlangoni akisema kwa sauti tamu, "Nikopeshe tu, Mama Akal, kesho narudisha." Mwisho akakopa bwana, na huyo hakurudishwa. Lokaale alisema Aule aende Gotu kwa ndugu zake apumzike. Mtoto abaki mjini, kwa sababu mjini kuna shule, na nyumbani kuna mtu anayejua kusoma.

Siku ya kuondoka, Aule alipiga magoti mbele ya Akal, akamfunga kifungo cha gauni kilichokuwa kimefungwa tayari.

"Sikiliza. Katika nyumba ile ukikosa kitu, kaa bila. Usikope. Usikope hata sindano. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Mtoto akaitikia hivyo, na mama akapanda lori. Toka siku hiyo alimwona likizo ya Agosti tu, maana Lokaale alikuwa amekata maneno hivyo. Mwezi mmoja kwa mwaka. Miezi ile mingine Aule aliiishi kama mtu anayeshika pumzi chini ya maji.

Alasiri hiyo aliichukua picha mpaka duka la Wakonyo. Wakonyo alikuwa mama Mkikuyu aliyekuja zamani na kufungua duka la sukari, majani ya chai na betri za redio. Mdomo wake ulikuwa mkali lakini mizani yake haikuiba. Wanawake wawili watatu waliokuja kununua majani wakasogea kutazama.

"Mtoto amekuwa mkubwa!"

"Na angalieni hapa," alisema Aule, akigusa daftari kwa kidole. "Kuna hesabu mbili. Hii ya juu mwalimu ameweka alama ndogo tu, kama unyasi umepinda. Lakini hii ya chini ameweka msalaba. Msalaba mkubwa! Mwalimu amembariki mtoto wangu kwa hesabu ya chini."

Wakonyo alivaa miwani. Aliitazama picha, akamtazama Aule, akaitazama picha tena. Halafu akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza.

"Uui, Mama Akal! Huo si msalaba wa kanisani! Hiyo ni kosa. Unyasi ndiyo kupata. Hii ya chini mtoto ameanguka."

Wale wengine nao wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka. Aule aliirudisha picha kifuani, ndani ya shuka. Masikio yake yalikuwa ya moto.

"Ameanguka vipi?"

"Imeandikwa sitini na mbili toa thelathini na nane. Yeye ameandika thelathini na sita. Jibu ni lingine."

"Lingine gani?"

"Ishirini na nne. Haya, umejua. Akija mwambie aandike ishirini na nne."

Aule alinunua chumvi ambayo hakuikusudia na akaenda. Njiani ndipo kicheko kilipomwisha masikioni, na mahali pake pakaja maneno ya Lokaale. Alikuwa ameyasema Agosti iliyopita, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya lori: "Mtoto akirudi kutoka kwako amesahau masomo, hii ndiyo imeisha. Mwalimu akiniambia anaanguka hesabu, baada ya Agosti ijayo hatakuja Gotu tena. Atakaa likizo na Kanana, afundishwe."

Na huyu hapa, anaanguka, picha inamshuhudia. Agosti ilikuwa karibu. Angekuja mara moja tu tena, kisha asije, na angekua huko, shingo ikizidi kurefuka, na mama yake asiione.

Asubuhi Aule alimkuta Kang'ethe akifunga sanduku la kamera kwenye lori.

"Baba, nisaidie neno. Ukifika ile shule, mwone mwalimu wa Akal. Mwambie mama yake ameona hesabu kwenye picha. Mwambie sitaki jibu. Jibu ninalo, Wakonyo amenipa. Nataka kujua mtoto amekosea wapi, na kwa nini, ndiyo nimwongoze mimi mwenyewe."

Kang'ethe alijikuna shavu. "Wewe? Na hujui a wala be?"

"Wewe mpelekee tu."

"Nitampelekea. Na hata picha nyingine nitampa, nina moja ya ziada, aione hesabu yenyewe."

Majibu yalichelewa. Aule alikata miswaki, akafunga, akakata. Kila lori lilipounguruma mbali, mkono wake ulisimama na kisu hewani. Picha aliitia katika ukuta wa nyumba, kati ya fito mbili, chini ya rozari, mahali ambapo mwanga wa mlangoni uliifikia asubuhi. Kila alipoamka alisema, "Habari ya asubuhi, Akal," na Akal akamtazama amekaza midomo, na hesabu zake mbili mikononi, moja ya unyasi na moja ya msalaba.

Kang'ethe hakuja yeye mwenyewe. Alimpa dereva barua. Wakonyo aliisoma dukani, mlango ukiwa umefungwa nusu ili watu wasiingie. Safari hii hakucheka.

"Kwa Mama Akal," alisoma. "Pokea salamu zangu. Mimi ni Mungania, mwalimu wa darasa la pili. Picha nimeiona, na nimefurahi umeuliza kosa badala ya jibu. Nitakueleza kama tunavyozungumza.

"Hesabu ni 62 toa 38. Katika 62, ile 6 si sita. Ni mafungu sita ya kumi kumi. Ile 2 ni mbili zilizo nje ya fungu. 38 ni mafungu matatu, na nane za nje. Tunaanza na za nje. Akal anatakiwa kutoa nane katika mbili. Mbili hazitoshi. Hapa ndipo alipogeuza: badala ya kutoa nane katika mbili, alitoa mbili katika nane, akapata 6. Halafu akatoa tatu katika sita, akapata 3. Ndiyo akaandika 36. Hesabu ya juu, 47 toa 25, alipata kwa sababu tano inatoka katika saba bila shida. Kwa hivyo kutoa anajua. Asiambiwe hajui.

"Za nje zisipotosha, tunachukua fungu moja la kumi, tunalifungua, tunaziweka pamoja na zile mbili. Zinakuwa kumi na mbili. Nane zikitoka, zinabaki nne. Mafungu yalikuwa sita, moja tumefungua, yamebaki matano. Matatu yakitoka, yanabaki mawili. Jibu ni 24. Ukitaka kuhakikisha, rudisha ulichotoa: 24 na 38 ni 62. Lakini 36 na 38 ni 74, zimezidi zile mlizoanza nazo, na hiyo haiwezekani."

Wakonyo aliishusha barua.

"Endelea," alisema Aule.

"Kuna jambo." Wakonyo alisafisha koo. "'Darasani, kulifungua lile fungu tunakuita kukopa. Mimi huwaambia watoto, mbili haitoshi, nenda ukakope kumi kwa jirani. Wengine wote hukopa. Akal hakopi. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Nilidhani ni kichwa kigumu, na kwa hilo nilimwadhibu, samahani, Mama. Baada ya salamu zako kufika ndipo nilimwita mezani nikamuuliza taratibu, kwa nini hukopi? Akaniambia, Mama alinikataza kukopa. Alisema hata sindano.'"

Nzi alizunguka juu ya gunia la sukari. Aule aliketi juu ya debe lililopinduliwa, mikono juu ya magoti.

"Mtoto amekushika neno," Wakonyo alisema polepole.

"Amechapwa kwa neno langu."

"Si neno lako lililomchapa."

Aule alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. Alikuwa akimwona Akal katika dawati, mbili mbele yake na nane zikidaiwa, na jirani yuko pale pale upande wa kushoto na kumi zake tele, na mtoto amekaza midomo, hagusi. Kwa ajili ya mama aliye mbali. Hakuna aliyewahi kumwekea Aule ahadi namna hiyo. Moyo ulimuuma na papo hapo ukajaa, asijue amlilie au ajivune.

"Imeisha?"

"Bado kidogo. 'Nimemwambia kukopa kwa hesabu ni kingine, lakini ameniangalia tu. Maneno yangu hayatashinda yako. Akija Agosti, usimpe jibu na usimshikie mkono. Mpe vitu vya kufungwa kumi kumi, vijiti au chochote. Mwache afike pale anapokwama. Akikwama, muulize swali moja: hizi kumi ni za nani? Halafu nyamaza. Akishafanya kwa mikono, ndipo aandike: akate 6, juu yake aweke 5, karibu na ile 2 aweke 1 ndogo, isomeke 12. Ni mimi, Mungania.'"

"Vijiti," alisema Aule.

"Ndiyo, vijiti." Wakonyo alikunja barua. Kisha akatabasamu upande mmoja. "Huyu mwalimu anakujua?"

"Hanijui."

"Basi Mungu anakujua."

Wakonyo alimfundisha kuchora sita, tano, mbili na moja juu ya karatasi ya sukari. Sita ya Aule ilitazama nyuma mara nyingi kabla ya kukubali kutazama mbele.

Akal aliteremshwa na lori Agosti, na sanduku la bati mkononi. Alinuka sabuni ya nyumba nyingine. Aule alimkumbatia mpaka mtoto akasema, "Mama, unanibana." Siku za kwanza hawakugusa hesabu. Walikwenda mtoni, walikata mswaki, mtoto alisimulia maziwa ya shule yanayotoka katika pakiti yenye pembe tatu, na jinsi watoto wa Borana walivyomfundisha kuruka kamba. Aule alisikiliza, akihesabu ndani kwa ndani mambo yote aliyokosa kuyaona.

Asubuhi moja alitandika ngozi kivulini. Akaweka mafungu sita ya miswaki, na miwili nje.

"Iko mingapi?"

"Sitini na miwili," alisema Akal papo hapo.

"Wewe ni mwenye duka. Mtu amekuja, anataka thelathini na minane. Mpe."

Mtoto alichukua mafungu matatu, akayaweka upande. Akachukua ile miwili. Akasimama. Aule aliona macho yake yakienda kwenye mafungu yaliyobaki, yakarudi. Midomo ikakazwa, kama kwenye picha.

"Haitoshi," alisema.

"Haitoshi."

"Mwalimu anasema nikope." Sauti ilishuka. "Mimi sikopi."

Aule alitamani kumvuta kifuani. Alitamani kusema kila kitu, chumvi, jiko, sufuria ya harusi. Alikaza mikono juu ya magoti.

"Hii kumi iliyo ndani ya fungu," aliuliza, "ni ya nani?"

Akal alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Ni yetu. Si tumeikata juzi?"

Aule akanyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko kukata mswaki siku nzima. Mbuzi alilia nyuma ya nyumba. Mtoto aliweka kidole juu ya kamba ya fungu, akakiondoa, akakirudisha.

"Kwa hivyo nikifungua hii, sijakopa kwa mtu."

"Umeona mtu?"

Akal alicheka. Kicheko chenyewe! Akavuta kamba, miswaki ikamwagika, akaisukuma pamoja na ile miwili. "Kumi na miwili! Natoa minane . . . inabaki minne." Aliyatazama mafungu. "Na mafungu mawili. Ishirini na minne!"

"Una hakika? Mimi sijui kusoma. Unaweza kunidanganya."

"Nirudishe ya mtu?"

"Rudisha tuone."

Akarudisha, akahesabu yote kwa sauti, na ikafika sitini na miwili, bila kuzidi wala kupungua. Kisha wakachora vumbini. Akal alikata sita akaweka tano, na Aule akamwandikia ile moja ndogo karibu na mbili kwa mkono wake. Mtoto aliinamia ile moja kwa muda mrefu.

"Mama! Umeandika!"

"Nimeandika moja. Usinipigie kelele, majirani watasikia."

Baadaye, wakifunga upya, Akal aliuliza, "Mama, sasa kwa mama Kanana naweza kukopa?"

"Hapana," alisema Aule. "Kwa hesabu, fungua kilicho chako. Kwa ile nyumba, nilisema nini?"

"Hata sindano."

"Basi."

Siku ya mwisho Lokaale mwenyewe alikuja na lori la serikali. Kanana alikuwa ndani, kioo kimefungwa, hakushuka. Lokaale alisimama mbali kidogo na mlango, kofia mkononi.

"Habari, Mama Akal."

"Mzuri."

"Mwezi mzima mmekunywa maziwa na kulala?" Aliokota kijiti. "Mwalimu aliniambia mtoto hajui kukopa. Njoo hapa, Akal. Kabla sijapakia sanduku." Akaandika vumbini, 53 toa 27.

Akal alichuchumaa. Aule alisimama nyuma yake, akaangalia mlima badala ya vumbi. Alisikia kijiti kikikwaruza. Alisikia mtoto akinong'ona, "Fungua." Kikakwaruza tena.

Lokaale alisoma. Alifanya hesabu kwa midomo. "Ishirini na sita," alisema. Akageuka kuelekea lori kana kwamba alitaka mtu wa ndani aone pia, lakini kioo kilikuwa kimefungwa. "Nani amekufundisha?"

"Mama."

"Mama hajui kusoma."

"Hakusoma. Aliniuliza."

Lokaale alivaa kofia. Alimtazama Aule kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na Aule akaiwaza ile sufuria ya harusi. Sasa ilikuwa ikichemsha chai katika nyumba nyingine.

"Agosti nitamleta," alisema Lokaale. Akakohoa. "Na Disemba pia, kama barabara haijaharibika kwa mvua."

Akabeba sanduku. Akal alimshika mama shingoni, harufu ya sabuni imekwisha mwilini, ananuka moshi na maganda ya mswaki. Halafu akapandishwa juu, mkono ukatoka dirishani, na vumbi likaufunika.

Aule alisubiri mpaka mlio ukaisha kabisa. Alirudi kivulini kukusanya mafungu ya kupeleka sokoni. Alichukua moja, la pili, la tatu. La nne alipolishika, mkono wake ulikataa. Alilifungua, akahesabu. Tisa. Kamba ilikuwa imefungwa kwa fundo la kitoto, mara mbili, ili lisilegee. Akal alikuwa amefungua kilicho chake, akaondoka na mmoja.

Mto ulikuwa pale pale, na miti tele. Kukata mmoja wa kujaza ilikuwa kazi ndogo. Hakukata. Alilifunga tena lile fungu la tisa na fundo lake, akaenda kulichomeka ukutani kati ya zile fito mbili, karibu na picha.